Kodi ya fremu unaigawa kwa nini: kwa mauzo unayotarajia au kwa uwezo ulionao?

Kuna swali linarudi sana kwenye meseji: "Kodi ya fremu na mshahara wa msaidizi nauingizaje kwenye bei ya bidhaa moja?" Jibu ambalo wengi wanapeana ni hili: jumlisha gharama zote za mwezi, kisha gawanya kwa idadi ya bidhaa unazotarajia kuuza mwezi huo. Ni hesabu rahisi na inaonekana ya haki kabisa. Leo nataka nikuonyeshe kwa nini hesabu hiyo inaweza kukupandishia bei mwezi ambao wateja wamepungua, na ikakufanya ukatae oda yenye hela. Halafu nikuonyeshe ile nyingine ninayotumia mimi.

Nitatumia hesabu za kazi yangu kwa sababu ndizo ninazozijua. Nauza fulana za kuprinti mtandaoni, zile za majina, picha na maneno anayotaka mteja. Nina fremu ndogo, mashine moja ya kubana kwa joto na msaidizi mmoja. Namba nimezisawazisha kidogo ziwe rahisi kushika, wewe weka zako.

Gharama zangu ziko za aina mbili. Aina ya kwanza inakuja na fulana yenyewe: fulana tupu 6,000, karatasi ya picha 2,500, mfuko 300, umeme wa kubana 200. Jumla 9,000. Nisipouza fulana, hela hiyo haitoki. Bei yangu ni 14,000 na bodaboda analipwa na mteja, kwa hiyo usafiri tuuache pembeni.

Aina ya pili inatoka hata nikilala mwezi mzima. Kodi 200,000, msaidizi 250,000, bando na vocha 40,000, taa na feni 20,000, ulinzi na usafi 20,000, leseni na vitu vidogo vidogo 20,000. Na mashine pamoja na kompyuta: vilinigharimu 1,800,000, na nimejipa miaka mitatu ya kuvitumia, yaani miezi 36, kwa hiyo kila mwezi natoa 50,000 pembeni ya kununulia vingine. Ukijumlisha zote unapata 600,000.

Hiyo 600,000 ndiyo yenye mjadala. Tunaigawa kwa ngapi?

Tuanze na njia ya wengi. Natarajia kuuza fulana 200 mwezi huu. 600,000 gawanya kwa 200 ni 3,000. Kwa hiyo fulana moja "inanigharimu" 9,000 na 3,000, yaani 12,000. Nikiuza 14,000 napata faida 2,000 kwa kila moja, na nikiuza zote 200 nabaki na 400,000. Hapo hakuna tatizo lolote, hesabu imekubali.

Sasa mwezi unaofuata nikaona mambo yamepoa, nikatarajia fulana 150. 600,000 kwa 150 ni 4,000. Ghafla fulana ileile, mashine ileile, msaidizi yuleyule, gharama imepanda kutoka 12,000 hadi 13,000. Muuzaji anayefuata hesabu hii atasema, basi nipandishe bei iwe 15,000 ili nibaki na faida yangu ya 2,000. Lakini mteja hajui kwamba mwezi huu umepoa. Yeye anaona jirani anauza 14,000. Tuseme baadhi wanaondoka, unauza 120. Mwezi unaokuja unagawa tena: 600,000 kwa 120 ni 5,000, gharama imefika 14,000, bei inakuwa 16,000. Unauza 100. Unagawa tena: 6,000, gharama 15,000, bei 17,000. Unauza 75.

Fuatilia mfukoni kimebaki nini. Ungebaki na bei ya 14,000 mwezi ule wa fulana 150, kila fulana ingekuachia 5,000 juu ya zile 9,000. Mara 150 ni 750,000. Toa 600,000, unabaki na 150,000. Kwa bei ya 15,000 na fulana 120 unabaki na 120,000. Kwa 16,000 na fulana 100 unabaki na 100,000. Kwa 17,000 na fulana 75 unapata 600,000 kamili, zote zinaenda kwenye kodi na mshahara, wewe unatoka mikono mitupu. Na muda wote huo daftari linakwambia una faida 2,000 kwa kila fulana.

Sisemi kupandisha bei ni kosa siku zote. Kama wateja wako hawaondoki ukipandisha, pandisha leo leo, usisubiri mwezi mbaya. Ninachosema ni kwamba sababu ya kupandisha lazima itoke kwa wateja na kwa washindani wako. Kwenye mfano huu sababu imetoka kwenye kugawanya. Idadi ya chini imepungua, jibu limepanda, na muuzaji akadhani vitu vimekuwa ghali.

Na njia hii ina ubaya wa upande wa pili ambao watu hawauoni kwa sababu unakuja siku za raha. Desemba unatarajia fulana 400. 600,000 kwa 400 ni 1,500 tu. Gharama inaonekana ni 10,500, unajisikia vizuri, unashusha bei hadi 12,500. Yaani unauza rahisi wakati kila mtu anataka fulana za familia na unauza ghali Februari wakati hakuna anayetaka. Ukikaa ukafikiri, ni kinyume kabisa cha biashara.

Sasa njia ya pili. Badala ya kuuliza "nitauza ngapi?" unauliza "kwa kodi hii, mashine hii na msaidizi huyu, naweza kutoa ngapi?" Gharama unaigawa kwa uwezo ulionunua, siyo kwa wateja waliokuja. Wazo lenyewe siyo jipya wala siyo langu. Mwaka 1915 mhandisi mmoja Mmarekani, Henry Gantt, huyohuyo ambaye jina lake liko kwenye chati ya Gantt ya kupanga kazi, aliwaambia wenye viwanda kwamba kiwanda kinachofanya kazi chini ya uwezo wake hakipaswi kubebesha bidhaa chache zilizotoka gharama ya mashine zote zilizosimama. Bidhaa ibebe kile ilichotumia. Kilichosimama kiandikwe peke yake.

Lakini uwezo gani? Hapa ndipo watu wanapotea, kwa hiyo niende polepole.

Kuna uwezo wa kwenye karatasi. Msaidizi wangu anafanya kazi saa 8 kwa siku, siku 26. Hiyo ni saa 208. Fulana moja ya rejareja inachukua dakika 20, tangu kusoma oda kwenye WhatsApp, kuthibitisha jina na saizi, kukata picha, kubana mara mbili, kukunja, mpaka kuandika lebo ya bodaboda. Saa 208 ni dakika 12,480, gawanya kwa 20 unapata fulana 624. Namba nzuri, lakini hakuna binadamu atakayeifikia. Anakula saa ngapi? Umeme ukikatika je?

Kwa hiyo unatafuta uwezo halisi, yaani kile unachoweza kufikia mwezi wenye kazi bila kuua mtu. Mimi nilitoa hivi. Chakula na mapumziko, dakika 45 kwa siku, ni kama saa 19 na nusu kwa mwezi. Kuwasha mashine mpaka ipate moto na kufanya usafi, dakika 15 kwa siku, ni saa 6 na nusu. Kukatika umeme na mashine kugoma, daftari langu linaonyesha kama saa 8. Kurudia fulana zilizoharibika, saa 7. Jumla saa 41. Ukitoa kwenye 208 zinabaki 167, ambazo ni kama dakika 10,000. Gawanya kwa 20, unapata fulana 500.

Kama huna daftari la kumbukumbu, watu wengi huanza kwa kuchukua asilimia 80 ya muda wa mtu kuwa ndiyo muda halisi wa kazi. Kwangu imetoka palepale, asilimia 80. Ila ni ya kuanzia tu, ukishapata kumbukumbu zako tumia zako.

Sasa 600,000 gawanya kwa dakika 10,000. Ni shilingi 60 kwa dakika. Hii ndiyo namba ninayoipenda kuliko zote dukani kwangu. Fulana ya rejareja inakula dakika 20, kwa hiyo inabeba 1,200. Ukiongeza 9,000, gharama yake ni 10,200. Januari ni 10,200, Desemba ni 10,200. Itabadilika kodi ikipanda, mshahara ukipanda, au ukijifunza kufanya kazi kwa dakika chache zaidi. Haibadiliki kwa sababu wateja hawakuja.

Najua unachotaka kuuliza. "Kama kila fulana inabeba 1,200 tu na nimeuza 200, nimekusanya 240,000. Kodi na mshahara ni 600,000. Zile 360,000 nyingine nani analipa?" Swali zuri sana, na jibu lake ndilo somo lenyewe. Unalipa wewe, na unaziandika kwenye mstari wake. Mimi nauita mstari wa uwezo uliolala. Mwezi ule wa fulana 200, daftari langu linasomeka hivi:

Mauzo, fulana 200 kwa 14,000: 2,800,000
Vitu vya fulana, 200 kwa 9,000: 1,800,000
Muda uliotumika, dakika 4,000 kwa 60: 240,000
Faida ya fulana zenyewe: 760,000
Uwezo uliolala, dakika 6,000 kwa 60: 360,000
Kilichobaki: 400,000

Angalia mstari wa mwisho. Ni 400,000 ileile tuliyoipata kwa njia ya kwanza. Hela haijaongezeka wala kupungua, na mtu akikwambia kubadilisha hesabu kumemtajirisha anakudanganya. Kilichobadilika ni mahali unapoiona. Njia ya kwanza ilichukua 360,000 ikaificha ndani ya fulana 200, kila moja ikabebeshwa 1,800 isiyo yake. Ndiyo tofauti ya 3,000 na 1,200. Ukiona 3,000 unadhani tatizo ni fulana kuwa ghali, unakwenda Kariakoo kutafuta fulana tupu za bei chini na ubora unashuka. Ukiona 360,000 peke yake, unajua tatizo ni kwamba umepangisha na umeajiri kwa ajili ya fulana 500 na una kazi ya 200. Hayo ni matatizo mawili tofauti na dawa zake ni tofauti.

Tuipime kwenye oda moja. Tuseme kikundi cha vikoba kinataka fulana 150 za sare, picha moja wote, bajeti yao 11,500 kwa fulana, na wewe mwezi huo umetarajia 200 zako za kawaida. Njia ya kwanza inasema fulana inakugharimu 12,000. Ukiuza 11,500 unapata hasara ya 500 kila moja, 75,000 kwa oda nzima. Unawajibu kwa heshima kwamba haiwezekani.

Njia ya pili inauliza kwanza: oda hii inakula dakika ngapi? Picha ni moja, hakuna kuthibitisha majina 150, hakuna lebo 150, msaidizi anabana moja baada ya nyingine. Tumepima, ni dakika 8. Dakika 8 kwa 60 ni 480. Kwa hiyo gharama ya fulana hii ni 9,480, na kwa 11,500 inaacha 2,020. Oda nzima inakula dakika 1,200, ambazo ni saa 20, na wewe una dakika 6,000 zilizolala. Inaingia vizuri tu.

Mwisho wa mwezi: fulana za rejareja zimeleta 760,000, za vikoba zimeleta 303,000, jumla 1,063,000. Uwezo uliolala umepungua kutoka dakika 6,000 hadi 4,800, yaani 288,000. Unabaki na 775,000. Linganisha na 400,000 ya kuikataa oda. Tofauti ni 375,000, ambayo ukitaka kuihakikisha kwa njia ya mtaani ni rahisi: 11,500 toa 9,000 ni 2,500, mara 150. Kodi ilishalipwa, msaidizi yupo, hakuna hela nyingine iliyotoka.

Hapo kuna mtu atasema, basi mwezi wenye kazi chache niuze hata 9,500 ilimradi imezidi 9,000. Subiri kidogo. Kwa oda moja, mara moja, wateja ambao hawaongei na wateja wako wa kawaida, ndiyo, hata 9,500 inaongeza hela kuliko mashine kulala. Lakini ikishakuwa bei yako ya kila siku umejimaliza, kwa sababu kwa 500 kwa fulana ungehitaji fulana 1,200 ili kulipa ile 600,000, na uwezo wako ni 500. Hapo ndipo 10,200 inakusaidia: bei ya kudumu ikishuka chini yake, hata ukijaza duka mpaka mlangoni bado unapata hasara.

Na upande mwingine, 10,200 isikudanganye kwamba ukiuza 11,000 uko salama. Kwa fulana 200 hauko salama. Ndiyo maana natazama namba ya pili pembeni: kwa bei ya 14,000 kila fulana inaacha 5,000, na 600,000 kwa 5,000 ni fulana 120. Chini ya 120 kwa mwezi nalipa kodi kwa akiba yangu. Namba moja inaniambia bidhaa inagharimu nini, nyingine inaniambia nahitaji kuuza ngapi ili nisile mtaji. Wauzaji wengi wanajaribu kubana majibu yote mawili kwenye namba moja, na hiyo ndiyo asili ya ile 3,000 inayoruka kama kipima joto cha mgonjwa.

Ikifika Desemba duka limejaa, hesabu inageuka. Hakuna dakika iliyolala, kwa hiyo kila oda unayochukua inamsukuma mtu mwingine. Saa 20 za vikoba zingeweza kutoa fulana 60 za rejareja, zenye 5,000 kila moja, yaani 300,000. Kwa mfano huu vikoba bado wanashinda kwa 375,000 kwa sababu kazi yao ni ya haraka. Oda nyingine haitashinda. Utajuaje? Gawanya kinachobaki juu ya 9,000 kwa dakika. Rejareja ni 5,000 kwa dakika 20, yaani 250 kwa dakika. Oda yoyote iliyo chini ya hapo mwezi uliojaa, iambie isubiri Januari.

Sasa mambo yanayoharibu hesabu hii, maana nayo inaweza kukudanganya.

La kwanza ni dakika za uongo. Ukimpima msaidizi mwezi usio na kazi, fulana moja itachukua dakika 35. Siyo mvivu, ni binadamu. Kazi zikiwa chache tunazinyoosha zijaze siku. Ukitumia dakika 35, uwezo wako utaonekana ni fulana 285 na uwezo uliolala utakuwa mdogo sana, kumbe umefichwa ndani ya dakika. Pima siku zenye kazi, tumia saa ya simu, chukua oda kama 30 za kawaida, na usisahau muda wa kuchati na mteja, kwa sababu kwenye biashara ya mtandaoni hapo ndipo dakika zinapoishia. Dalili ya kinyume ni hii: daftari linasema umetumia asilimia 70 tu ya uwezo lakini msaidizi anaondoka saa mbili usiku. Hapo dakika zako ni chache kuliko ukweli.

La pili ni kupima mahali pasipo pembamba. Mashine yangu peke yake, kubana tu, ingeweza fulana nyingi zaidi ya 500. Lakini kuna mtu mmoja tu anayefanya kila kitu kuizunguka, na yeye ndiye anayeamua. Kwako inaweza kuwa oveni, inaweza kuwa friji, inaweza kuwa ni wewe mwenyewe unayejibu meseji. Uwezo wa duka zima ni uwezo wa pale pembamba. Ukinunua mashine ya pili kabla ya kujua hili, umenunua dakika za kulala.

La tatu, na hili ndilo gumu. Kuona 360,000 kwenye mstari wake hakukurudishii 360,000. Kodi nyingi za fremu hapa mjini tunalipa miezi sita kwa mkupuo, na huwezi kuajiri nusu ya mtu. Gharama inaondoka siku unapoacha kuilipa, siyo siku unapoiona. Kwa hiyo kila mwezi nauliza huo muda uliolala ni wa aina gani. Sehemu yake ni akiba ya msimu. Kama Desemba nahitaji fulana 400, kazi ya dakika 8,000, siwezi kumfukuza msaidizi Februari kisha nimtafute Novemba, kwa hiyo dakika 10,000 kuwa kubwa kuliko mahitaji ya Februari ni jambo nililolichagua. Lakini kutoka 8,000 hadi 10,000 kuna dakika 2,000 ambazo hata Desemba hazitumiki. Hizo ni 120,000 kila mwezi, na hizo ndizo za kupambana nazo.

Sijui kwako, ila kwangu dawa iliyofanya kazi haraka ni kuuza muda wenyewe. Kuna wauzaji wenzetu wana wateja na picha lakini hawana mashine. Wanaleta fulana zao na karatasi zao, tunawabania kwa 1,500. Inachukua dakika 6, yaani 360, na umeme 200, jumla 560. Hawagusi wateja wangu na hawahitaji nipunguze bei yangu ya 14,000. Kwa dakika 2,000 tungeweza kuwabania fulana kama 330, ambayo hatujafika hata karibu, lakini hata 60 kwa mwezi zinaleta 90,000, na ukitoa umeme inabaki 78,000.

Dawa nyingine ni kugawana nafasi. Dada wa kucha aliomba kona ya mbele kwa 80,000 kwa mwezi. Kabla ya kumkubalia tulikwenda kwa mwenye nyumba kwanza, kwa sababu mikataba mingi inakataza kupangisha tena. Akiingia, gharama zangu zinashuka hadi 520,000 na dakika zinabaki 10,000, kwa hiyo dakika inakuwa shilingi 52 na fulana ya rejareja inagharimu 10,040. Hapo gharama imeshuka kwelikweli, kwa sababu hela imeacha kutoka.

Neno moja kwa wale wenye mhasibu. Anaweza asikubali 500 yako kwenye vitabu vya mwaka, na ana sababu. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha bidhaa zilizo stoo, IAS 2, kinataka gharama za kudumu za uzalishaji zigawanywe kwa uwezo wa kawaida, yaani wastani wa misimu kadhaa katika hali ya kawaida, matengenezo yakiwa yametolewa. Kwangu hiyo ingeweza kuwa fulana 250 au 300, siyo 500. Lakini hata hapo kanuni inakataa kitu kilekile: uzalishaji ukiwa mdogo hauruhusiwi kubebesha bidhaa chache ile gharama iliyozidi, inaandikwa kama gharama ya kipindi hicho. Kwa hiyo mwache mhasibu afanye vitabu vyake, wewe daftari la bei na la kupokea oda tumia dakika zako.

Mkitaka nifanye mfano wa keki, wekeni hapo chini oveni yako inaingiza keki ngapi kwa mkupuo, inakaa dakika ngapi, na gesi ya mtungi mmoja inakwenda siku ngapi. Nitachukua mmoja tufanye hesabu yake yote.